"Kidole tumbo siku hizi ni dawa tu": kidole tumbo kipi?

"Siku hizi kidole tumbo hakipasuliwi, ni dawa tu." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na mara ya mwisho aliyeitoa alikuwa akimshauri jamaa aliyejikunja kitandani tangu jana yake, mkono upande wa kulia wa tumbo. Si uongo. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoamua kama mgonjwa atarudi nyumbani salama au atafikishwa hospitali tumbo limejaa usaha.

Maana kwanza, kwa haraka. Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kilichoshikana na mwanzo wa utumbo mpana, chini kulia. Kila mtu anazaliwa nacho. Ugonjwa ni pale kinapovimba: mara nyingi tundu lake huziba, kwa kijiwe cha kinyesi kilichokauka, kwa tezi za ukutani mwake zilizotutumka, wakati mwingine kwa minyoo. (Mbegu za mapera tulizotishiwa utotoni ni nadra sana kukutwa humo.) Kikishaziba, ute hujaa ndani, bakteria huzaliana, na msukumo hupanda hadi damu inashindwa kupita ukutani. Ukuta uliokosa damu hufa, na uliokufa hutoboka.

Tuseme kuna kijana wa miaka 22. Jumatatu jioni anasikia maumivu yasiyoeleweka katikati ya tumbo, karibu na kitovu. Anadhani ni chakula. Hana hamu ya kula, kichefuchefu kinamjia, anatapika mara moja. Alfajiri maumivu yamehama, yako chini kulia, na sasa anaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole. Akikohoa yanamchoma. Gari likiruka tuta njiani anakunja uso. Kuhama huko kuna sababu. Mwanzoni neva za utumbo zinapeleka taarifa ya jumla tu, ubongo unaisoma kama maumivu ya kitovuni. Uvimbe ukigusa utando unaofunika ukuta wa tumbo, ambao neva zake zinajua mahali, ndipo maumivu yanapata anwani.

Hospitali anapimwa: joto 37.8, chembe nyeupe za damu 14,000. Daktari akibonyeza chini kulia panauma, akiachia mkono ghafla panauma zaidi. Kuna hesabu iliyotolewa mwaka 1986, hesabu ya Alvarado, ambayo haihitaji mashine yoyote ya picha. Maumivu kuhama ni alama 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, uchungu wa kubonyezwa chini kulia 2, uchungu wa kuachia mkono 1, joto 1, chembe nyeupe kupanda 2, na alama 1 ya mwisho hutolewa ikiwa mchanganuo wa chembe hizo umeegemea zile changa. Jumla ni 10. Kijana wetu ana 9 hata kabla ya huo mchanganuo. Kwa alama 7 na kuendelea, ugonjwa unashukiwa sana. Chini ya 5 uwezekano unakuwa mdogo.

Angekuwa binti wa umri huohuo, hesabu hiyo isingetosha. Kwanza apimwe ujauzito, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi na kifuko cha mayai kilichojinyonga huuma palepale. Na kwa mazingira yetu kuna mitego miwili mingine, UTI na homa ya matumbo. Kidole tumbo kilichovimba karibu na kibofu kinaweza kutia chembechembe kidogo za usaha kwenye mkojo, mgonjwa akaandikiwa dawa za UTI na kurudishwa nyumbani. Dawa hizo zinapunguza moto bila kuuzima.

Sasa picha, na hapa ndipo nusu iliyoachwa ilipojificha. Ultrasaundi ni rahisi, haina mionzi, na ndiyo ya kwanza kwa watoto na wajawazito. Mpimaji anakandamiza tumbo taratibu akitafuta kijibomba kilichofungwa upande mmoja, kisichobonyea, chenye kipenyo kinachozidi milimita 6. Akikipata, vizuri. Tatizo ni pale ripoti inaposema "kidole tumbo hakikuonekana". Gesi, unene, au kidole kilichojikunja nyuma ya utumbo vyote vinaweza kukificha. Hakikuonekana maana yake hakikuonekana. Haina maana ya kwamba ni kizima, ingawa nimewasikia watu wakiisoma hivyo ripoti hiyo kwa furaha.

Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, kinaona mbali zaidi, na kinapomkosa mgonjwa ni mara chache. Gharama yake ni fedha na mionzi. Kwa mjamzito ambaye ultrasaundi haikumaliza mashaka, MRI, picha inayopigwa kwa sumaku bila mionzi, ndiyo hufuata pale inapopatikana. Lakini thamani ya CT katika mjadala huu haiishii kwenye kusema "kimevimba". Inasema zaidi: kimetoboka au bado, kuna jipu pembeni au hakuna, kuna kijiwe ndani au hakuna, kuna kinachofanana na uvimbe wa saratani au la. Majibu hayo ndiyo yanayogawa wagonjwa makundi mawili. Wa kwanza kidole chao kimevimba tu. Wa pili kina matatizo juu ya uvimbe. Kwa jina la mtaani wote "wana kidole tumbo", na hapo ndipo kauli ya "dawa tu" inapopata mwanya.

Maana kauli hiyo ina chimbuko. Finland, kati ya 2009 na 2012, watu wazima 530 wa miaka 18 hadi 60 waligawanywa kwa kura: wengine wapasuliwe, wengine wapewe antibayotiki peke yake. Utafiti unaitwa APPAC. Kila mmoja wao alikuwa ameshapitia CT, na CT ilikuwa imesema kimevimba tu. Mwenye kijiwe hakuingizwa. Mwenye jipu au kilichotoboka hakuingizwa. Na dawa yenyewe haikuwa vidonge vya duka la jirani: siku 3 za sindano ya mshipani wakiwa wamelazwa, kisha siku 7 za vidonge vya aina mbili. Katika mwaka wa kwanza, takriban 27 kati ya kila 100 waliopewa dawa waliishia kupasuliwa. Walipofuatiliwa hadi miaka 5, waliorudiwa na ugonjwa walifika karibu 39 kwa 100.

Marekani wakaja na utafiti mkubwa zaidi, CODA, uliochapishwa 2020, wenye watu 1,552. Hawa waliwaruhusu wenye kijiwe, na hilo likatufundisha jambo. Ndani ya siku 90, kati ya waliopewa dawa bila kuwa na kijiwe, takriban 25 kwa 100 walipasuliwa. Wenye kijiwe walikuwa 41 kwa 100, na matatizo mengine nayo yaliwaandama zaidi. Kijiwe kinaendelea kuziba tundu hata bakteria wakifa.

Takwimu hizi zinasomeka kwa namna mbili, na zote ni halali. Mmoja atasema wengi hawakuhitaji kisu hata baada ya miaka 5. Mwingine atasema karibu wanne katika kumi walirudi. Mimi naona ni hiari ya mgonjwa aliyeelezwa vizuri. Mwanafunzi aliye wiki moja kabla ya mtihani anaweza kuchagua dawa kwa akili timamu. Anayefanya kazi kisiwani, ambako boti ya kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji ni ya kubahatisha, ana sababu nzuri ya kutaka kitolewe kabisa. Ila kisu nacho kina yake: kidonda kuingia wadudu, utumbo kushikana baadaye, hatari za usingizi. Kwa hiyo daktari anayetaja dawa si mvivu, kama wengine wanavyodhani.

Vilevile anayesubiri upasuaji hadi asubuhi si lazima awe ametelekezwa. Utafiti wa Finland na Norwei uliotoka 2023 ulilinganisha wagonjwa wenye kidole tumbo kisicho na dalili za matatizo, waliopangiwa upasuaji ndani ya saa 8 na waliopangiwa ndani ya saa 24. Kutoboka kulikuwa kulekule, kama 8 au 9 kwa 100. Lakini hao walikuwa wodini, wakiangaliwa. Kusubiri wodini ni kitu kingine kabisa na kusubiri nyumbani na strip ya vidonge.

Kuna dalili moja inayowadanganya hasa wanaosubiri nyumbani. Maumivu makali yakikatika ghafla, familia inashukuru. Huenda kidole kimetoboka na ule msukumo wa ndani umepata pa kutokea. Baada ya saa kadhaa maumivu yanarudi, safari hii tumbo zima, gumu kama ubao, homa juu, mapigo ya moyo mbio. Huyo hana tena mjadala wa dawa au kisu.

Rudi kwa kijana wetu mwenye alama 9. Hospitali ya wilaya ina ultrasaundi, CT haipo. Ultrasaundi imeonyesha kidole kimevimba, milimita 11, ila kuhusu kijiwe mpimaji hana uhakika. Je, naye ni wa "dawa tu"? Hayumo kwenye kundi lililochunguzwa Finland, kwa sababu hakuna aliyethibitisha kwamba hana kijiwe wala hajatoboka. Daktari akimwanzishia antibayotiki na kumpeleka chumba cha upasuaji, wala hajapitwa na wakati: tafiti zile zinazungumzia mgonjwa mwingine. Akimpa rufaa ya CT na hali ikiruhusu, hapo mjadala unafunguka.

Na waliotibiwa kwa dawa na wakapata nafuu, nina ombi dogo la lugha kwao. Msiseme "niliugua kidole tumbo, nikapona" kama aliyetolewa anavyosema. Siku tumbo likiuma tena, daktari akiuliza, jibu lenye faida ni hili: "Mwaka fulani nilitibiwa kwa dawa, sikupasuliwa, kidole bado ninacho." Na aliyevuka miaka 40, hasa kama mara ile palikuwa na jipu, aulize iwapo anahitaji kupimwa tena baadaye, maana kwa watu wa umri huo uvimbe wa saratani hukutwa nyuma ya jipu mara nyingi kuliko ilivyodhaniwa zamani.