Usome wosia kuanzia mwisho

Watu wengi wanaoniletea wosia husoma kwa namna moja. Kidole kinateremka ukurasani kikitafuta jina, kinalipata, macho yanasoma mstari mmoja, basi. Karatasi inakunjwa. Mimi huwaomba waikunjue tena twende ukurasa wa mwisho, kwenye kile kifungu kinachoanza na maneno kama "mali yangu yote iliyobaki". Kifungu hicho ndicho kinachobeba madeni, hupokea zawadi zilizoshindikana, na mara nyingi ndicho chenye fedha nyingi kuliko vingine vyote.

Nitatumia wosia mmoja nilioutunga kwa mfano. Ninayoeleza ni kanuni za jumla za sheria zenye asili ya Uingereza, na kila nchi ina marekebisho yake. Wosia wa Kiislamu una mipaka yake mingine, ukiwemo ule wa theluthi moja ya mali inayobaki baada ya madeni.

Mama mmoja ameandika hivi. Anamteua ndugu yake kuwa msimamizi wa wosia. Nyumba anampa binti yake mkubwa. "Gari langu jeupe nililonunua mwaka 2012" anampa mwanawe wa pili. Mpwa wake anampa milioni 6 taslimu. Kisha: "Mali yangu yote iliyobaki igawanywe sawa kwa wanangu watatu, na sehemu ya mdogo aipate akifikisha miaka 25." Anafariki miaka kadhaa baadaye. Gari alikwisha kuliuza, na fedha zake zimo kwenye akaunti ya benki yenye jumla ya milioni 30. Madeni, gharama za mazishi na za kushughulikia mirathi ni milioni 12.

Tuanze na ndugu yake, kwa sababu ndiye familia inayemwelewa vibaya zaidi. Kuteuliwa msimamizi hakumpi hata shilingi moja ya mirathi. Kunampa kazi: akusanye mali, alipe madeni, kisha agawe kama wosia unavyosema. Anaweza kuikataa kazi hiyo, ila akatae kabla hajaanza kugusa mali, maana akishaanza kuuza vitu na kupokea fedha za marehemu, kujitoa kunakuwa kugumu. Kwa kanuni hizi mamlaka yake yanatokana na wosia wenyewe tangu siku ya kifo, lakini benki na ofisi ya ardhi kwa kawaida zitataka kwanza hati ya mahakama inayothibitisha wosia. Ndiyo maana wiki za mwanzo huwa za kungoja, na warithi hudhani wanafichwa jambo.

Niliwahi kumshauri msimamizi aliyekuwa na moyo mwepesi. Alimpa kila mtu fungu lake mapema ili pasiwe na manung'uniko, kisha mdai mkubwa akajitokeza na nyaraka halali. Fedha zilikuwa zimeshatumika, na pengo likamwangukia yeye mwenyewe. Iliniuma, kwa sababu alitenda kwa upendo. Msimamizi akikwambia subiri kwanza madeni yajulikane, anafanya kazi yake.

Sasa gari. Zawadi iliyotajwa kama kitu fulani, chenye alama zake, inategemea kitu hicho kiwepo kwenye mali ya marehemu siku anapokufa. Kama hakipo, zawadi imekufa nacho. Mwana wa pili atasema, "Lakini fedha za gari zipo benki!" Ni kweli zipo, ila hakupewa fedha, amepewa gari lile jeupe. Zimeingia kwenye mabaki, yaani ile "mali yangu yote iliyobaki". Zipo nchi zilizolegeza kanuni hii, kwa mfano pale kitu kilipouzwa na mlezi wa mwenye wosia aliyekuwa hajiwezi, lakini ukali wake bado umeenea. Angalia pia nguvu ya maneno machache: mama angeandika tu "gari langu", ingewezekana kusoma kuwa ni gari lolote alilokuwa nalo siku ya kufa, kwa kuwa kuhusu mali wosia husomwa kana kwamba umeandikwa muda mfupi kabla ya kifo. Rangi na mwaka wa kununua ndivyo vilivyoufunga mlango huo.

Milioni 6 za mpwa ni zawadi ya aina nyingine. Hazikutajwa kutoka akaunti gani, kwa hiyo hulipwa kutoka popote penye mali ya kutosha. Kufutwa kwa akaunti moja hakuziui.

Twende kwenye hesabu. Toa milioni 12 za madeni na gharama kwenye milioni 30, zinabaki 18. Toa 6 za mpwa, yanabaki 12. Hayo ndiyo mabaki, na kila mtoto ana fungu la milioni 4. Binti mkubwa ana nyumba, na juu yake fungu hilo. Mwana wa pili hana gari, ana fungu lake tu.

Lakini tuseme madeni yangekuwa milioni 26. Mabaki ndiyo yanayoumia kwanza: yamekwisha yote. Zinabaki milioni 4, na mpwa aliyeandikiwa 6 anapata hizo 4. Nyumba haijaguswa, kwa sababu vitu vilivyotajwa mahususi hufikiwa na wadai mwisho kabisa. Utaona hapo kwamba maneno "yote iliyobaki" yanaweza kumaanisha utajiri au sifuri, kutegemea madeni. Kama nyumba yenyewe ndiyo iliyowekwa rehani, mambo ni tofauti: katika sheria nyingi za asili hii deni hilo huifuata nyumba, na binti huipokea pamoja na mzigo wake, isipokuwa wosia uwe umesema vingine.

Linabaki sharti la mdogo, na hapa huwa nasoma polepole, neno kwa neno. "Aipate akifikisha miaka 25" linaweza kubeba maana mbili. Ya kwanza, kufika umri huo ndiko kunakoifanya sehemu iwe yake; akifa na miaka 23, hakuwahi kuwa nayo. Ya pili, sehemu ni yake tangu mama alipofariki, ila kukabidhiwa ndiko kunakosubiri. Akifa na miaka 23, inakwenda kwa warithi wake mwenyewe. Mwandishi makini angeandika ama "iwapo tu atafikisha miaka 25" ama "sehemu ni yake, akabidhiwe akiwa na miaka 25".

Tofauti hiyo ina uzito hata akiwa hai. Kesi ya Saunders dhidi ya Vautier, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1841, ilikubali kwamba mtu aliyetimiza umri wa utu uzima, ambaye mali ni yake peke yake bila shaka yoyote, anaweza kudai akabidhiwe bila kungoja umri uliotajwa. Kwa maana ya pili, basi, mdogo mwenye miaka 22 anaweza kuzidai milioni 4 zake leo. Kwa maana ya kwanza hawezi.

Na kama sharti limeshindikana, sehemu yake inakwenda wapi? Familia hujibu haraka kwamba kaka na dada watagawana. Kwa kanuni ya kawaida si lazima iwe hivyo. Zawadi nyingine ikianguka huokotwa na mabaki, lakini fungu la mabaki likianguka halina kifungu kingine chini yake cha kuliokota. Hugawanywa kana kwamba marehemu hakuacha wosia kwa sehemu hiyo, na hapo anaweza kuingia mtu ambaye mama hakumtaja kabisa. Maneno kama "wagawane wale watakaotimiza sharti" yangelizuia hilo. Kwenye wosia huu hayapo, nami ningemwandikia msimamizi aiweke sehemu ya mdogo kwenye akaunti ya pekee, asimpe mtu yeyote, mpaka mahakama itoe tafsiri au kijana atimize miaka 25.