Je, wajua kinachomfanya mtoto wa miezi 20 aume wenzake?

"Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Anauma watoto wa parseli yetu, na akikasirika anapiga hata nkambo wake usoni. Nimemchapa, haachi. Jirani ananiambia nimuume na mimi ili asikie. Kwa nini anafanya hivi, na mimi nifanye nini?"

Mama, huyo mtoto hana roho mbaya. Ana meno, ana hamu, na maneno bado hana. Katika umri wake wengi wana maneno machache tu ya kutumia: mama, maji, hapana, labda jina la mbwa. Mwenzake akimnyang'anya kifuniko cha sufuria, hawezi kusema "ngoja, nilikuwa nacho mimi". Sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia nayo bado iko mwanzoni kabisa, na itaendelea kukomaa hadi atakapopita miaka 20. Basi anatumia kinachofanya kazi haraka kuliko vyote. Akiuma, mwenzake anapiga kelele na kuachilia kifuniko. Kimerudi mkononi ndani ya sekunde mbili.

Meno yenyewe pia yana sehemu yake. Magego ya kwanza hutoka kati ya miezi 13 na 19, ya pili kati ya miezi 23 na 33, na fizi zikivimba mtoto hutafuta cha kung'ata, iwe shuka au bega lako. Lakini kuuma kwa fizi hutambulika kirahisi: anauma kila kitu, hana hasira, mate yanamtiririka. Mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi akitafune huku unamwangalia. Usimpe kipande cha karoti mbichi, kinaweza kumkaba. Anayeuma watu tu, na hasa watu wa kimo chake, ana shida nyingine.

Kuhusu kupiga, Richard Tremblay, mtafiti wa Montreal huko Kanada, alifuatilia watoto kwa miaka mingi tangu uchanga wao. Alionyesha kwamba umri ambao binadamu hupiga, kusukuma na kuuma mara nyingi zaidi uko kati ya miaka 2 na 4, wala si ujana kama wengi tunavyodhani. Baada ya hapo wengi hupunguza, kwa sababu wanajifunza njia nyingine. Kwa hiyo swali si nani alimfundisha mwanao kupiga. Swali ni nani atamfundisha kitu kingine, na kama watu wote wa parseli watamfundisha kitu kilekile.

Hapo ndipo tunapoharibu. Nimelea watoto wa watu kwa miaka 11 kwenye kreshi ndogo hapa Katuba, na sijaona mtoto aliyeshindikana kwa ukaidi wake kama nilivyoona wakubwa wanne wanaomjibu kwa njia nne.

Nikupe mfano wa mtoto mmoja wa jirani yangu, naye alikuwa na miezi 20. Parseli yao ina nyumba tatu na robine moja. Mama yake alikuja amechoka kabisa, kwa sababu mtoto wa nyumba ya pili alikuwa na alama za meno mkononi, duara mbili nyekundu, na wazazi walikuwa wameanza kununiana. Nilimwomba asibadilishe kitu kwa siku saba. Achukue daftari tu, na kila mtoto anapouma aandike saa, nani alikuwa karibu, alishika nini, na baada ya kuuma ilikuwaje.

Siku ya nane tulisoma. Aliuma mara 9. Mara 6 kati ya hizo zilikuwa kati ya saa tano na saa sita na nusu mchana, wakati mbabula zinawashwa, mama wanasonga bukari, na watoto watano wamebanana kwenye kivuli kimoja cha ukuta. Alikuwa na njaa, amechoka, na hakuna mkubwa aliyekuwa anamtazama. Safu ya mwisho ya daftari ndiyo ilituchekesha, halafu ikatunyamazisha. Mama alimchapa mkono. Baba alifoka kutoka ndani. Yaya wake wa miaka 9 alicheka. Nkambo alimbeba, akampa biskuti ili anyamaze, na kile kitu walichogombania akamrudishia.

Tazama sasa kwa jicho la mtoto. Nikiuma, mara nyingine napata kofi, mara nyingine biskuti, mara nyingine kicheko, na mara nyingi kifuniko changu. Tabia inayolipa mara moja moja, bila kujulikana lini, hudumu kuliko ile inayolipa kila siku, kwa sababu mchezaji huendelea kujaribu. Kofi la mama halikuweza kushindana na hilo. Tena lilimwonyesha kwamba mkubwa akikasirika hupiga, yaani jambo lilelile analokatazwa.

Kumuuma mtoto "ili asikie" ni kosa lilelile, tena baya zaidi. Mtoto wa umri huu hawezi kuunganisha uchungu wa mkono wake na uchungu aliompa mwenzake dakika iliyopita. Anachoelewa ni kwamba mama naye anauma.

Tukaita kikao: mama, baba, nkambo, yaya, na mama wa nyumba ya pili. Tulikubaliana hatua chache ambazo hata mtoto wa miaka 9 angezikumbuka. Anayekuwa karibu anachuchumaa, anawatenganisha kwa mkono, na anasema kwa sauti ya chini na uso usio na kicheko: "Hapana kuluma. Inauma." Maneno hayohayo, si mengine, wala si hotuba. Kisha anamgeukia aliyeumwa kwanza, anamwosha, anampembeleza. Macho ya watu yanakwenda kwa aliyeumia, na aliyeuma anakaa hapohapo kando ya mkubwa kwa dakika moja hivi, bila biskuti na bila matusi. Hafungiwi chumbani. Kitu kilichogombaniwa hakirudi kwa aliyeuma.

Halafu inakuja hatua ambayo watu wengi huiruka, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote: anafundishwa cha kufanya badala yake. Tulichagua neno moja, "Yangu!", na ishara moja ya kunyoosha kiganja. Mkubwa anamshika mkono, anaunyoosha mbele, anasema "Yangu!" kwa niaba yake, na akijaribu kulitamka hata nusu, anajibiwa papo hapo. Kumlazimisha kuomba msamaha tuliacha. Katika umri huo ni maneno ya kasuku.

Tulipanga pia ile saa mbaya. Uji ukaletwa saa nne na nusu, kabla njaa haijafika. Vifuniko vikawa viwili vinavyofanana badala ya kimoja. Na kuanzia saa tano yaya alikaa naye umbali wa mkono mmoja, akitazama dalili: mwili unakakamaa, macho yanamganda mwenzake, kidevu kinasogea mbele na mdomo unafunguka kabla ya sauti yoyote. Ukiiona hiyo una sekunde moja au mbili. Ingiza kiganja chako kati yao na useme lile neno lake. Kuzuia mara moja kunafundisha kuliko kukemea mara tatu baadaye.

Nkambo hakukubali kirahisi. Alisema, na haki yake, kwamba amelea watoto saba bila daftari. Tulimwomba jambo moja tu: biskuti aitoe wakati wowote anaopenda isipokuwa nusu saa baada ya kuuma. Hilo alilikubali.

Siku ya tatu mambo yaliharibika. Mtoto aliuma mara 3 kwa siku moja, na mama akataka kurudi kwenye kofi. Hii hutokea mara nyingi, na ni vizuri kuijua mapema: tabia iliyokuwa inalipa ikikatwa malipo, mtoto kwanza huizidisha, kama wewe unavyobonyeza swichi mara tano taa isipowaka. Ukilegea siku hiyo, umemfundisha kwamba lazima aume sana ndipo apate. Wakashikilia. Wiki ya pili aliuma mara 4, ya tatu mara 2. Kisha shangazi akaja kutoka Likasi na biskuti zake, hajui makubaliano, na wiki hiyo ikarudi 5. Tukamweleza shangazi.

Kupiga kulikuwa na chanzo kingine, na hapo nilicheka peke yangu. Mtoto akijikwaa kwenye jiwe, parseli nzima ilikuwa inamwambia "Mupige! Mupige ule jiwe!" ili anyamaze, na akimzaba mjomba shavuni akiwa amekaa mapajani pake, watu walishangilia. Mkono uleule ukimfikia nkambo unaitwa utundu! Tuliacha kuyapiga mawe. Mkono unaoinuka unashikwa kabla haujafika, unashushwa polepole, na unaonyeshwa kupapasa shavu. Kama ni furaha iliyomzidi, anapewa mto au ngoma ya kopo aipige hiyo.

Sasa jeraha lenyewe. Meno ya watoto wadogo mara nyingi huacha alama tu, na kitambaa cha maji baridi kinatosha. Ngozi ikitoboka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika tano, usipake majivu wala dawa ya meno, na umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo na kadi yake ya chanjo, ili waangalie kinga yake ya pepopunda na ya homa ya ini aina B.

Na mtoto anayeuma apimwe kama ana miezi 18 bila neno lolote, au miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili kama "maji lete", au hageuki ukimwita kwa nyuma. Sikio lililojaa usaha limewahi kumfanya mtoto mkali. Apelekwe pia anayejiuma mwenyewe, na aliyepita miaka 3 akiwa bado anauma mara kwa mara ingawa wakubwa wote wanajibu kwa namna moja.

Yule wa jirani nilimwona mwezi wa pili tangu kile kikao, kwenye robine. Mwenzake alivuta kikombe chake cha plastiki. Mwili ukakakamaa, kidevu mbele, mdomo wazi, na yaya alikuwa mbali na ndoo. Nikaanza kunyanyuka. Kiganja kikatoka, na sauti ikafuata: "Angu!" Mwenzake hakuachia kikombe hata kidogo, ikabidi niende kumsaidia kukidai.