Kasoro ya nguzo moja: namna ya kuiandika na kuipiga picha kwenye ripoti ya ukaguzi

"Zege la nguzo lina matundu, upande wa kushoto karibu na ngazi. Lirekebishwe."

Sentensi za namna hii zimejaa kwenye ripoti za ukaguzi wa majengo yanayoendelea kujengwa, na hazimsaidii mtu. Kushoto kwa nani, anayepanda ngazi au anayeshuka? Nguzo ipi, ya ghorofa ipi? Matundu ya kina gani? Wiki mbili baadaye fundi akisema amesharekebisha, hakuna wa kumthibitishia wala wa kumpinga. Nitachukua kasoro hiyohiyo niiandike upya hatua kwa hatua, maana anayeweza kuandika moja vizuri ataweza kuandika mia.

Tuanze na mahali. Anwani ya kitu chochote kwenye jengo ni mistari ya gridi iliyo kwenye ramani ya mhandisi: herufi upande mmoja, namba upande mwingine. Nguzo yetu iko mstari C unapokutana na mstari wa 4, kwa hiyo ni nguzo C4. Kisha ghorofa, na hapa watu huchanganyana sana, kwa sababu wengine huhesabu ya chini kuwa ya kwanza na wengine hawaihesabu. Mimi huandika jina lilelile lililoko kwenye ramani, halafu naongeza slabu ambayo nguzo imesimama juu yake. Baada ya hapo ni uso wa nguzo. Nguzo ya mraba ina nyuso nne, nazo nazitaja kwa kufuata mshale wa kaskazini uliochorwa kwenye ramani, hata kama haulingani sawasawa na dira. Ripoti na ramani zikitumia kaskazini mbili tofauti, fundi atachimba uso usio na tatizo.

Mwisho ni kimo. Pima kutoka juu ya slabu ya zege na uandike hivyo. Ukiacha kusema, mtu atakayekuja baada ya sakafu ya saruji na vigae kuwekwa atapima kutoka juu yao, na vipimo vyako vitakuwa vimehama.

Sasa kasoro yenyewe. Matundu ya aina hii, ambayo wengi huyaita sega la nyuki, ni kokoto zilizobaki bila uji wa saruji wa kuzishika. Yakiwa chini ya nguzo, mara nyingi sababu ni mojawapo kati ya hizi: uji umevujia kwenye mwanya kati ya fomu na slabu, vibreta haikufika chini, au zege limemwagwa kutoka juu sana kokoto zikatangulia. Lakini hayo ni makisio, na kwenye ripoti makisio hukaa kwenye safu yake, mbali na yale yaliyoonekana. Ukimwandikia mkandarasi kwamba vibreta haikutumika wakati hukuwepo siku ya kumwaga, mtabishana kuhusu vibreta na nguzo itabaki vilevile.

Kinachoandikwa ni vipimo. Gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka matundu, kwa sababu eneo bovu karibu kila mara ni kubwa kuliko linavyoonekana. Zege zima hulia kwa sauti kali, bovu hutoa sauti ya uwazi. Chora mpaka wake kwa chaki, kisha pima urefu na upana. Halafu chomeka waya mgumu mwembamba kwenye tundu refu kuliko yote mpaka ugote, ushike kwa kidole pale unapotokea, na uupime kwa futi. Hicho ndicho kina cha juu, nacho ndicho kinachoamua uzito wa kasoro.

Kwenye mfano wetu waya umeingia mm 55. Ramani inataka kava ya mm 40, na kava hupimwa mpaka chuma cha nje kabisa, yaani ringi. Ringi ni ya mm 8, kwa hiyo nondo kuu zinaanzia mm 48 kutoka uso wa nguzo. Shimo la mm 55 limeshaipita ringi na kufika kwenye nondo kuu. Laiti lingekuwa la mm 15, lingebaki ndani ya kava na uamuzi ungekuwa mwepesi zaidi. Kwa mm 55, hakuna wa kugusa nguzo hiyo mpaka mhandisi wa muundo aseme, kwa sababu kubomoa zege bovu ni kupunguza nguzo inayobeba mzigo, na huenda ikahitaji kuegemezwa kwanza.

Picha ninazopiga ni nne, kwa mpangilio usiobadilika. Ya kwanza ni ya mbali, inaonyesha nguzo nzima pamoja na kitu kisichohama, kama ngazi au nguzo jirani. Ya pili ni ya uso wote wa chini, mstari wa chaki ukionekana. Ya tatu ni ya karibu, futi imelazwa pembeni ya matundu na kamera imeelekezwa moja kwa moja, kwa sababu ukiinamisha kamera vipimo hudanganya. Ya nne ni ya waya na futi. Katika zote kuna kibao kidogo chenye namba ya kasoro, nguzo na tarehe. Picha ya karibu isiyo na ile ya mbali haina faida: zege ni zege, na mtu anaweza kudai ni la jengo lingine.

Namba ya picha hutokana na namba ya kasoro. Kasoro ya 17 ina picha 17-1 mpaka 17-4, na jina la faili nalifanya hivi:

```
K017-3_C4_G1_KAS.jpg
```

Hifadhi faili asili. Programu nyingi za kutumiana ujumbe hubana picha na kufuta tarehe iliyofichwa ndani yake, kwa hiyo ukilazimika kuituma kwa njia hiyo, itume kama hati.

Yote hayo yakikusanywa, ingizo linasomeka hivi:

> K017. Nguzo C4, ghorofa G1 (juu ya slabu ya G1), uso wa kaskazini wa ramani. Matundu kuanzia mm 120 hadi mm 430 juu ya slabu ya zege, upana mm 220, kina cha juu mm 55. Ringi moja na nondo ya kona zinaonekana. Picha 17-1 hadi 17-4. Hatua: isifunikwe, mhandisi wa muundo atoe maelekezo kabla ya kubomoa. Mhusika: mkandarasi. Hali: wazi.

Maneno "isifunikwe" nayasisitiza sana. Kasoro hii huzibwa haraka kwa saruji na mchanga kabla ripoti haijafika, kisha uso unakuwa laini na nondo zinabaki kwenye uwazi. Ukikuta kiraka cha rangi tofauti mahali ambapo jana palikuwa na matundu, kigonge na ukiandike kama kilivyo, chini ya namba ileile.

Kufunga ingizo pia kunahitaji picha. Piga 17-5 baada ya zege bovu kutolewa, kabla ya kujaza: kingo ziwe zimekatwa kwa pembe mraba na uso wa nguzo, si kuchongwa zikaisha nyembamba, na nyuma ya nondo iliyo wazi pawe na nafasi ya kutosha kiraka kuizunguka. Piga 17-6 baada ya kujaza, ukisimama palepale ulipopigia 17-2. Ikikosekana 17-5, naacha hali ikiwa "wazi" hata kiraka kikiwa kizuri namna gani, kwa sababu kilichofunikwa hakikuonekana. Na ingizo likifungwa, namba 17 haitumiki tena kwa kasoro nyingine katika jengo hilo.