Sudoku ya gazetini: kutoka picha ya simu hadi milalo 9 yenye nukta

Ukiipa programu ya kusoma maandishi picha nzima ya sudoku, itakurudishia tarakimu bila mahali pake. Mlalo wenye 1 katika kisanduku cha pili, 2 katika cha tatu na 4 katika cha nane utatoka hivi: `124`. Programu hizo zimeundwa kusoma maneno, na kwake pengo ni pengo tu, liwe la kisanduku kimoja au vinne. Kwa hiyo picha hukatwa vipande 81 kwanza, kila kipande kikaulizwa kama kina wino, na vyenye wino pekee ndivyo vikasomwa.

Hapa nitaita mstari wa kulala mlalo, wa kusimama wima, na eneo la 3 kwa 3 boksi.

Tuanze na karatasi yenyewe. Gazeti la barabarani hapa Nairobi hukufikia limekunjwa, na mara nyingi kunjo hupita katikati ya fumbo. Lilaze mezani, ulikandamize kwa kitabu dakika chache, kisha piga picha ukiwa juu yake wima, karibu na dirisha na si chini ya jua la saa saba, maana kivuli cha mkono wako kitakuwa cheusi kama wino. Kuinama kwa kamera si tatizo kubwa. Ukishajua pembe nne za fumbo, `cv2.getPerspectiveTransform` na `cv2.warpPerspective` za OpenCV, maktaba ya kuchakata picha ninayoitumia kwa Python, zitalinyoosha liwe mraba wa pikseli 450 kwa 450, yaani 50 kwa kila kisanduku. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba karatasi ni bapa. Kunjo likiinuka, mistari ya katikati husogea hata baada ya kunyoosha, na ukataji wako huangukia juu ya tarakimu. Utalitambua haraka: vipande vya wima wa 5 vitakuwa na mstari mweusi unaopita ndani. Hapo piga picha upya, usihangaike na programu.

Kwa picha moja au mbili mimi hubonyeza pembe nne kwa mkono. Kutafuta umbo kubwa kuliko yote kwa programu hufanya kazi vizuri mpaka gazeti lizungushie fumbo na kichwa chake fremu moja. Programu huchukua fremu.

Baada ya kunyoosha picha ya kijivu, tenganisha wino na karatasi. Kizingiti kimoja kwa picha nzima hakifai, kwa sababu karatasi iliyo kivulini huweza kuwa nyeusi kuliko wino ulio mwangani. Tumia kizingiti kinacholinganisha kila pikseli na jirani zake:

```
bw = cv2.adaptiveThreshold(kijivu, 255,
     cv2.ADAPTIVE_THRESH_GAUSSIAN_C,
     cv2.THRESH_BINARY_INV, 31, 10)
```

Namba 31 ni upana wa ujirani, na lazima isigawanyike kwa mbili. Ikiwa ndogo sana, mfano 7, tarakimu nene hutoboka katikati. Namba 10 ni kiasi ambacho pikseli lazima iwe nyeusi kuliko wastani wa jirani ndipo ihesabiwe kuwa wino. Tutairudia mwishoni.

Sasa vipande. Kata pikseli 8 kila upande ili mistari ya fumbo ibaki nje, kisha hesabu wino uliosalia katika eneo la 34 kwa 34, `r` ikiwa namba ya mlalo na `c` ya wima, zote zikianzia 0:

```
k = bw[r*50+8:(r+1)*50-8, c*50+8:(c+1)*50-8]
wino = cv2.countNonZero(k)
```

Usichague kizingiti cha utupu kwa kubahatisha. Panga hesabu zote 81 kutoka ndogo hadi kubwa, utaona makundi mawili. Visanduku vitupu huwa na vidoa vichache, hasa pale maandishi ya upande wa pili wa karatasi yanapoonekana. Tarakimu nyembamba kuliko zote ni 1: ikiwa na unene wa pikseli 4 na urefu wa 25, inatoa kama 100. Weka kizingiti katikati ya pengo. Pengo lisipoonekana, ama mistari imeingia ndani ya vipande, ama mtu ameanza kujaza kwa penseli. Penseli ifutwe kwanza kwenye karatasi. Programu haiwezi kujua kipi kilichapwa na kipi ni dhana ya msomaji.

Vipande vyenye wino vigeuze viwe vyeusi juu ya weupe, viongezee ukingo mweupe, uvipe Tesseract, programu ya kusoma maandishi, kimoja kimoja:

```
--psm 10 -c tessedit_char_whitelist=123456789
```

Namba 10 humwambia kwamba kuna herufi moja tu, na sifuri tumeiacha nje kwa makusudi.

Kwa kisanduku kitupu ninatumia nukta, katika faili la maandishi matupu. Nafasi tupu hupotea mwishoni mwa mlalo bila mtu kuona. Nyota ikipita WhatsApp huweza kumezwa na kugeuza maandishi kuwa mazito. Sifuri inasomeka vizuri, ila ukiibandika Excel, mlalo `012000040` unageuka 12000040, tarakimu nane. Hata nukta ina adui wake: ukiandika nukta tatu katika Word, huziunganisha kuwa alama moja, na mlalo wa herufi 9 unabaki na 7.

Fumbo letu likatoka hivi:

```
.12....4.
57..3....
4..519...
2...4...7
8..7.2..9
3...8...4
....2..31
.4....82.
...196..5
```

Kila mlalo una herufi 9. Hesabu tarakimu za kila mlalo ukilinganisha na gazeti: 3, 3, 4, 3, 4, 3, 3, 3, 4, jumla 30. Hesabu hii ni ya lazima, kwa sababu tarakimu iliyopotea haizui mgongano wowote; huonekana kama kitupu halali. Jumla ikiwa chini ya 17, hakika umepoteza kitu: mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walithibitisha kwa kompyuta kwamba hakuna sudoku yenye jibu moja iliyo na vidokezo 16.

Kisha tafuta marudio. Kama 8 ya mlalo wa 6 ingesomwa 3, mlalo huo ungekuwa na 3 mbili, ungekamata kosa papo hapo. Hapa hakuna marudio popote, na bado kuna kosa. Jaribu kulitatua fumbo. Wima wa 1 unakosa 1, 6, 7 na 9. Kisanduku chake cha chini kabisa kiko katika mlalo wenye 1, 9 na 6 tayari, hivyo ni 7. Mlalo wa 9 sasa unahitaji 2, 3, 4 na 8. Tazama kisanduku chake cha nane: boksi lina 2, 3 na 8, na wima una 4 juu kabisa. Hakuna kinachoingia.

Mgongano umeanzia wima wa 1, basi rudi kwenye vipande vya wima huo na uvitazame kwa macho. Ile 8 ya mlalo wa 5 gazetini ni 6. Wino ulienea kwenye karatasi laini ukafunga uwazi wa juu wa tarakimu. Pandisha ile 10 ya kizingiti hadi 15: wino unakonda, uwazi unarudi, na mlalo unasomeka `6..7.2..9`. Hesabu tena tarakimu baada ya badiliko hilo, kwa kuwa kinachokondesha 6 hukondesha 1 pia.