Pesa imeingia banki na mwenyewe hajulikani: konti ya kungojea inavyofanya kazi

Kila mwezi wa kumi, shule za Lubumbashi zikianza kupokea minervali, makomptabli wanatuletea ofisini swali lile lile: releve ya banki inaonyesha pesa imeingia, lakini hakuna mzazi aliyeleta bordero. Tuchukue mfano wa shule moja ya Katuba, tuufuate hadi mwisho. Tutahesabu kwa dola ili mambo yaonekane vizuri.

Tarehe 14 Oktoba, releve inaonyesha dola 475. Maelezo yake ni VERSEMENT ESPECES tu, bila jina la mtoto wala darasa. Komptabli hawezi kuiacha nje ya vitabu, maana pesa ipo banki kweli. Hawezi pia kuiandika kama mapato: minervali iliingia kwenye mapato siku wazazi walipotolewa fakture, kwa hiyo akifanya hivyo ataihesabu mara mbili. Kinachobaki ni konti ya kungojea. Katika mpango wa hesabu wa OHADA, pesa kama hii huwekwa kwenye konti 4712, pamoja na wadai mbalimbali:

```
14/10   Debiti   521   Banki      475
        Krediti  4712  Wadai      475
```

Iko upande wa krediti kwa sababu ni deni. Shule inashika pesa ya mtu asiyejulikana, na huenda hata si mzazi: karani wa banki anaweza kukosea namba ya konti. Banki ikigundua kosa lake na kuirudisha pesa kwa mwenyewe, andiko hilo hugeuzwa tu, 4712 debiti na 521 krediti. Ndiyo maana hatupendi kuona mkurugenzi ameshainunulia madawati.

Sasa kumtafuta mwenyewe. Kiasi chenyewe husema mengi. Katika shule hii primere inalipa 150 kwa trimestri na segondere 175. Kwa bei hizo, kama ni trimestri moja iliyolipwa kamili, 475 inapatikana kwa njia moja tu: watoto wawili wa primere na mmoja wa segondere. Komptabli anafungua orodha ya wasiolipa na kukuta familia tatu za namna hiyo. Anazipigia simu, na hapa wengi huharibu. Wanasema, «Mama, ni ninyi mliweka dola 475 tarehe 14?» Ukishataja kiasi na tarehe, yeyote anaweza kujibu ndiyo. Uliza tu: «Mulilipa lini, kiasi gani, kwenye ajensi gani?» Halafu omba bordero yenyewe, ulinganishe namba yake na ile ya releve. Namba haionekani kwenye releve? Banki inaweza kuthibitisha. Kiasi kufanana tu hakutoshi, kwani mzazi angeweza pia kulipa sehemu ya deni la mwaka jana.

Tarehe 3 Novemba, baba wa familia ya pili analeta bordero, na namba inalingana. Konti ya kungojea inafungwa hivi, na deni la kila mtoto linaondolewa kwenye 411, konti ya minervali inayodaiwa wazazi:

```
03/11   Debiti   4712  Wadai                 475
        Krediti  411   Mtoto wa primere      150
        Krediti  411   Mtoto wa primere      150
        Krediti  411   Mtoto wa segondere    175
```

Tazama kwamba 521 haikuguswa. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni hili: mzazi anafika na bordero, karani wa kaunta anamwandikia risiti na kuidebiti banki tena. Utalitambua mwisho wa mwezi unapolinganisha vitabu na releve: vitabu vitazidi kwa 475 kamili, na 4712 itabaki na 475 ile ile. Tofauti hizo mbili zikilingana, usitafute mbali. Na kama vitabu vinashikwa kwa franka, 4712 ifungwe kwa kiasi kile kile cha franka kilichoandikwa tarehe 14. Tofauti yoyote ya bei ya dola na fakture ionekane kwenye 411, si kwenye konti ya kungojea.

Usiridhike pia kwa kuona 4712 ina sifuri. Mtu akiweka humo gharama ya 475 asiyoijua, pande mbili zitafutana, na mambo mawili yasiyojulikana yatajificha chini ya sifuri moja. Dai orodha mstari kwa mstari: tarehe, kiasi, namba ya bordero, nani ameshaulizwa.

Tarehe 31 Desemba vitabu vinafungwa. Kama baba yule asingetokea, 475 ingebaki kwenye madeni ya shule, na maelezo yake kando. Mwaka kwisha hakuigeuzi pesa ya mtu kuwa mapato. Hilo linangoja muda wa kisheria wa kuidai upite, na kabla ya hapo aulizwe mwanasheria. Wakati huo watoto wake watatu wangekuwa bado kwenye orodha ya wasiolipa, kwa hiyo kabla ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya minervali, angalia kwanza 4712.