Insha imeletwa bila mwongozo wa kusahihishia: dhana potofu na ukweli

Muhula wa tatu ukikaribia, simu za walimu wa Kiswahili hujaa picha za karatasi za insha. Ujumbe unaoambatana nazo huwa mfupi: "Mwalimu, naomba unisahihishie, uniambie nimepata ngapi juu ya 20." Hakuna mwongozo wa usahihishaji, na mara nyingine hata swali lenyewe halipo. Nimezisoma insha hizi kwa miaka mingi, na nimeona jinsi wanaozituma na wanaozipokea wanavyoshikilia mambo yasiyo kweli kuhusu kinachowezekana. Nitazungumzia insha ya methali katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kwa sababu ndiyo inayoletwa zaidi na ndiyo inayokosewa zaidi.

Dhana: Mwalimu mzoefu akiisoma tu, ataijua alama yake

Huu ndio msingi wa ombi lenyewe. Mtahiniwa anaamini kuwa alama imo ndani ya insha, na kazi ya mwalimu ni kuiona.

Jambo hili lilipimwa huko Marekani. Mwaka 1961, watafiti wa taasisi ya mitihani ya ETS wakiongozwa na Paul Diederich waliwapa wasomaji 53 insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo wazipange katika ngazi 9 za ubora. Wasomaji hao walikuwa watu waliobobea: walimu wa lugha, wahariri, wanasheria, wanasayansi na wafanyabiashara. Hawakupewa vigezo vyovyote. Kila insha iliwekwa katika angalau ngazi 5 tofauti, na zaidi ya insha 9 katika kila 10 zilitawanyika katika ngazi 7, 8 au hata zote 9. Watafiti walipochimba chanzo, waligundua kuwa hakikuwa uzembe. Wapo waliothamini mawazo, wapo waliokerwa na makosa ya sarufi na tahajia, wapo waliotazama mpangilio, na wengine walivutwa na msamiati au mtindo. Kila mmoja alisoma kwa uangalifu, ila alitafuta kitu chake.

Ndiyo maana watahini wa KCSE hawaanzi kusahihisha siku wanapofika kituoni. Kwanza hukaa pamoja wakapitia mwongozo, wakasahihisha karatasi zilezile kila mtu peke yake, kisha wakalinganisha alama na kujadiliana hadi waelewane. Hata baada ya hapo, kiongozi wa kundi huendelea kukagua kazi za walio chini yake. Alama inayotoka huko ni matokeo ya makubaliano hayo. Mwalimu aliye peke yake na simu mkononi hana makubaliano hayo, hata awe na uzoefu wa namna gani.

Kilicho wazi kwa kila mtu ni ngazi zenyewe: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Kwa hiyo mwalimu anaweza kusema kwa haki, "Naiona kati ya C ya juu na B ya chini, na sababu zangu ni hizi." Huo ni ukadiriaji wenye hoja, na anayeupokea anaweza kuupinga. Kusema "13" ni kudai usahihi ambao msemaji hana.

Dhana: Bila mwongozo, hakuna la maana linaloweza kusemwa

Wapo walimu wanaorudisha insha mikono mitupu kwa sababu hii. Naelewa hofu yao, lakini wanamnyima mtoto msaada mkubwa. Sehemu kubwa ya mwongozo imo ndani ya swali, hasa swali la methali.

Tuchukue mfano, ambao nimeuunda kutokana na aina ya insha ninazozisoma. Swali: andika insha itakayodhihirisha maana ya methali, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Kabla ya kusoma insha, soma methali polepole. Kuna mtu anayeogopa mwanawe asilie, yaani mzazi au mlezi anayekwepa kumwadhibu na kumkanya. Kisha mtu huyohuyo ndiye anayelia baadaye. Kwa hiyo kisa chochote kinachoijibu lazima kiwe na mambo matatu: mlezi anayedekeza, udekezaji unaoleta madhara, na mlezi kuishia katika majuto au hasara. Haya hayatoki kwenye karatasi ya siri ya watahini. Methali yenyewe inayadai.

Sasa insha. Aya ya kwanza inasema wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha jua linachomoza mashariki na ndege wanaimba nyimbo za kumsifu Rabuka. Aya ya pili na ya tatu zinatuletea mama na mwanawe Baraka. Mama anamficha kila anapofanya kosa, na hata anakwenda shuleni kumgombeza mwalimu aliyemkanya. Hapo mwandishi ameandika vizuri kweli. Mama anasimama mlangoni mwa ofisi, mkono kiunoni, akisema, "Mwanangu hajawahi kuguswa na yeyote, wala hutaanza wewe." Sentensi hiyo moja inaonyesha udekezaji kuliko aya nzima ya maelezo. Aya ya nne, Baraka anajiunga na genge. Ya tano, anakamatwa. Ya sita, analia korokoroni akijuta kwa nini hakusikiliza walimu. Insha inaisha.

Aliyelia ni nani? Ni mwana. Mama hakuonekana tena tangu aya ya tatu.

Hili ndilo kosa kubwa la insha hii, na halihitaji mwongozo wowote kuonekana. Mwandishi amethibitisha methali nyingine, ile ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu. Sijui mwongozo wa mtihani wake ungemkata alama ngapi kwa kuacha upande wa pili wa methali, na sitakisia. Ninachoweza kumwambia bila kusita ni kwamba nusu ya methali haikujibiwa, na ninaweza kumwonyesha mahali pa kuirekebisha. Aya ya sita ihamie kwa mama. Awe nje ya kituo cha polisi, au awe anauza shamba ili alipe wakili, na akumbuke siku ile ofisini kwa mwalimu. Kisa chake tayari kimeweka mbegu hiyo, kinachobaki ni kuirudia.

Urefu pia unaweza kupimwa. Karatasi husema insha isipungue maneno 400. Hesabu maneno katika mistari mitano, upate wastani, uzidishe kwa idadi ya mistari: maneno 9 kwa mistari 48 ni 432. Ametosheleza. Lakini ukihesabu aya ya kwanza peke yake unapata karibu maneno 90, na ndani yake hamna mama, hamna mwana, hamna kisa. Sehemu ya tano ya insha imekwenda kwa jua na ndege, na mwishoni akakosa nafasi ya machozi ya mama.

Ikiwa swali halikutumwa, mipaka hubadilika. Hapo siwezi kusema lolote kuhusu kama mwandishi amejibu alichoulizwa, na namwambia hivyo mwanzoni kabisa. Naweza kuzungumzia mtiririko, sarufi na msamiati tu. Insha nzuri sana iliyojibu swali lisiloulizwa huanguka vibaya, kwa hiyo sifa ninazotoa bila kuliona swali zina ukomo mkubwa.

Dhana: Kupamba lugha ndiko kunakoleta A

Ile aya ya jua na ndege haikuja bure. Watoto hukaririshwa aya za mwanzo na kuambiwa zinafaa kila insha. Ukweli ni kwamba msamiati na tamathali huhesabiwa, lakini huhesabiwa vinapobeba kisa. Njia rahisi ya kupima: ifute aya hiyo, kisha usome insha kuanzia aya ya pili. Kama hakuna kilichopotea, ilikuwa pambo tupu. Katika mfano wetu hakuna kilichopotea.

Dhana: Maoni ya kweli ni kuonyesha kila kosa

Karatasi iliyojaa wino mwekundu huonekana kama kazi kubwa imefanywa. Lakini mwanafunzi aliyezungushiwa makosa 30 huona makosa 30 yasiyohusiana, hukata tamaa, na hukariri marekebisho bila kujua yametoka wapi. Hata katika usahihishaji wa KCSE, kosa lilelile huwekewa alama linapotokea kwa mara ya kwanza tu, si kila linaporudi.

Katika insha ya Baraka, ameandika "vitabu zake", "matendo zake" na "magari zilizopita". Haya si makosa matatu. Ni moja: wingi wowote anaupa upatanisho wa ZI, bila kujali ngeli. Akikumbuka kwamba vitabu hutaka vyake, na matendo na magari hutaka yake na yaliyopita, atajisahihishia mengine yote mwenyewe. Vivyo hivyo "adhari" kwa athari na "dhamani" kwa thamani. Hajui lini ni th na lini ni dh, na dawa yake ni kuyatamka maneno hayo kwa sauti huku akiyaandika. Mambo mawili tu, yenye mifano kutoka karatasi yake. Hapa tena mwongozo hauhitajiki, kwa sababu sarufi haibadiliki kutoka mtihani mmoja hadi mwingine.

Dhana: Mwongozo wa mwaka jana utafaa

Unafaa kwa ngazi za A hadi D na kwa namna ya kutazama lugha. Kwa maudhui haufai. Mwongozo wa methali moja hauwezi kukwambia hoja za methali nyingine, na miongozo ya mitihani ya majaribio hutofautiana baina ya watungaji wake. Ukiutumia, sema wazi umeutumia upi.

Dhana: Alama ya huruma haina madhara

Ina madhara, na nayasema kwa uchungu. Mtoto aliyeambiwa "16" kwa insha isiyo na machozi ya mama ataandika vilevile siku ya mtihani. Aliyeambiwa "kisa chako kimemwacha mama njiani" atamtafuta.

Kwa anayetaka maoni yenye faida, tuma swali kama lilivyoandikwa pamoja na maelekezo yake, useme ni mtihani upi, na kama insha iliandikwa ndani ya muda au nyumbani bila haraka. Karatasi ya Kwanza ina insha mbili kwa saa 1 na dakika 45, na iliyoandikwa kwa siku mbili haiwezi kusomwa kama ya dakika 50. Kama ni kazi itakayohesabiwa na mwalimu wako wa darasa, sema hivyo pia, maana hapo nitakuuliza maswali badala ya kukuandikia marekebisho. Piga picha kurasa zote kwa mpangilio, ukingo wa kulia usikatwe. Badala ya kuuliza umepata ngapi, uliza: "Je, nimejibu pande zote mbili za methali? Ni kosa gani la lugha ninalolirudia?"