Mafuta Yasiyo na Ladha na Pilau ya Watu Wanane

“Je, kwa nini kampuni ya mafuta ya kula ikiweka video ya pilau mtandaoni, maelezo yaliyo chini yake humtaja mama, watoto na wageni kabla ya kuyataja mafuta yenyewe?”

Sababu ya kwanza iko kiwandani, wala si katika ofisi ya matangazo. Mafuta mengi yanayouzwa madukani Afrika Mashariki, yawe ya alizeti, ya soya au ya mawese yaliyosafishwa, hupitia hatua zinazofanana: huondolewa utomvu na asidi, huchujwa kwa udongo maalumu unaonyonya rangi, kisha hupitishiwa mvuke ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kwenye joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi, ili harufu iliyobaki itoke. Yanapoingia kwenye chupa ni ya manjano hafifu, hayana harufu ya kutambulika, na ladha yake ni ya kutafuta. Mpishi huona hilo kuwa ni sifa, maana hataki samaki wake wanukie mbegu, lakini kwa muuzaji ni tatizo. Mafuta ya kampuni mbili tofauti yakikaangiwa vitumbua katika vikaango viwili, hata mtu hodari wa kuonja atapata taabu kusema kipi kimetoka wapi. Anayeuza mawese mekundu ya Kigoma, au mafuta ya ufuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa, hana shida hii, kwa kuwa bidhaa yake inajitangaza yenyewe kwa rangi na harufu.

Pili, kuna mshindani ambaye hana video wala jina, nayo ni mafuta ya kupima. Muuza duka huinamisha dumu la lita 20, akamimina kwa faneli kwenye chupa ndogo ambayo mteja amekuja nayo, na papo hapo jina la kampuni linapotea, kwa sababu kinachofika jikoni ni mafuta tu. Kampuni inayotaka chupa yake iliyofungwa inunuliwe haina budi kuihusisha na siku ambayo mwenye nyumba hanunui kwa kipimo kidogo, nayo ni siku ya kupikia watu wengi: Ijumaa baada ya sala, Jumapili baada ya ibada, sikukuu, au siku watoto wanaporudi kutoka shule ya bweni. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pilau ya kilo 1 ya mchele hutosha watu wanane hivi na hutumia karibu robo lita ya mafuta, kwa hiyo chupa ya lita 1 huisha kwa sufuria nne za namna hiyo, wakati chai na maandazi ya mtu mmoja yangeifanya ikae kabatini muda mrefu. Familia, basi, haiwekwi pale kwa ajili ya hisia peke yake.

Hata hivyo, kuitaja familia hakutoshi, na hapa ndipo maelezo mengi huharibika. Tuchukue maneno ya aina hii, ambayo kila msomaji amewahi kukutana nayo: “Mafuta bora kwa familia bora! Pika kwa upendo.” Ukiondoa neno “mafuta” na kuweka “unga”, “sabuni” au “godoro”, ukabadili na kitenzi, tangazo linabaki lilelile, na hiyo ni dalili ya wazi kwamba halijasema lolote. Dawa yake ni kutafuta hatua moja ya pishi ambayo bila mafuta isingewezekana, kisha kumweka mwanafamilia kwenye hatua hiyo hiyo.

Katika pilau, hatua hiyo ni ya vitunguu. Rangi ya kahawia ya pilau ya pwani, kwa sehemu kubwa, haitokani na viungo bali na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikaiva sana. Vitunguu vina maji mengi, na maji yakichemka hayapandi zaidi ya nyuzi 100 hivi, kwa hiyo mwanzoni vinalainika na kung’aa tu bila kubadilika rangi. Maji yakishakauka, mafuta huvipeleka kwenye joto kubwa zaidi, navyo huanza kugeuka dhahabu, kisha kahawia. Mpishi huijua zamu hiyo kwa sikio: mlio wa kuchemka hupungua, povu hutulia, na kuanzia hapo mwiko hauachwi, kwani kutoka kahawia hadi kuungua ni muda mfupi mno, na vikiungua sufuria nzima itakuwa chungu. Viungo vinavyofuata, kama binzari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu, hutoa harufu yake vizuri zaidi ndani ya mafuta kuliko ndani ya maji, ndiyo maana hutiwa kabla ya supu.

Mwandishi akishajua hayo, maelezo yake yanaweza kuanza hivi: “Rangi ya pilau hii imetoka kwenye vitunguu, na subira ya mama imo humo. Watu wanane, mchele kilo 1, mafuta robo lita.” Nafasi ya mwanzo ni finyu. Instagram hupokea maelezo ya hadi herufi 2,200, lakini huonyesha takriban 125 za kwanza, pengine pungufu ya hapo, kabla ya mtazamaji kulazimika kubonyeza ili asome yaliyobaki. Sentensi hizo mbili zinaenea humo, zikiwa na mama, mafuta na kipimo. Chini yake ndipo hufuata mapishi kwa utaratibu: vitunguu vinne vikubwa vilivyokatwa vyembamba, nyama nusu kilo iliyochemshwa na supu yake ikahifadhiwa, kitunguu saumu na tangawizi baada ya vitunguu kuiva, na kuendelea. Jina la bidhaa litajwe mara moja, pale mafuta yanapomiminwa.

Vipimo havina budi kulingana na kinachoonekana. Ikiwa maelezo yanasema robo lita huku video ikionyesha mkono ukimimina nusu chupa, wapishi wa kweli watalibaini hilo mara moja, na maoni yatageuka mjadala wa wingi wa mafuta. Kadhalika, maoni yakijaa swali la “mafuta kiasi gani?”, maelezo yameshindwa kazi yake ya kwanza, hasa kwa kuwa wengi hutazama video hizi bila sauti.

Linabaki suala la afya, ambalo waandishi hulivamia kwa haraka kila wanapotaja watoto. Kusema mafuta ya alizeti “hayana lehemu” ni kweli, lakini ni kweli pia kwa mafuta yote ya mimea, ambayo lehemu yake ni kidogo mno kiasi cha kutokuwa na maana, hivyo kuyatangaza kama sifa ya chupa moja ni kumpotosha mnunuzi. Vitamini A ina uzito zaidi, kwa kuwa kanuni za Tanzania za mwaka 2011 na za Kenya za mwaka 2012 zilitaka mafuta ya kula yaongezewe kirutubishi hicho viwandani. Lakini nayo hupungua mafuta yanapokaa kwenye mwanga au yanapokaangiwa mara kwa mara, kwa hiyo anayeitaja afanye vyema kuongeza kwamba chupa ihifadhiwe kabatini, imefunikwa, na mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki yasirudishwe ndani yake.